Kioo cha Saa Janja: Kukilinda, Kukitengeneza au Kukiacha

Funguo hazikwaruzi kioo cha saa janja. Shaba ya funguo ni laini kuliko kioo, kwa hiyo hata zikigongana nayo mkobani siku nzima, kioo hakidhuriki. Kinachokwaruza ni mchanga. Chembe za mchanga wa barabarani na wa ujenzi nyingi ni madini ya kwatzi, na katika kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 na kuishia 10 kwa almasi, kwatzi imewekwa namba 7. Kioo cha kawaida cha saa kiko chini kidogo ya hapo. Chembe moja tu, isiyoonekana hata kwa macho, ikibanwa kati ya kioo na ukuta wa zege, inaacha mstari usiofutika. (Mchanga mweupe wa ufukwe wa mashariki mwa Unguja hauna ukali huo, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni matumbawe yaliyosagika, na matumbawe ni laini. Lakini nani anayerudi kutoka pwani na mchanga wa aina moja tu?)

Mkwaruzo wenyewe si balaa kama jinsi unavyotayarisha balaa. Kioo cha saa na cha simu kiwandani huogeshwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa moto mkali. Atomu ndogo za sodiamu zilizo usoni mwake hutoka, na za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi, huingia mahali pao. Hapo uso wa kioo unakuwa umebanana kama abiria wa daladala saa 12 jioni, na ufa ukitaka kufunguka hauna pa kupita. Hiyo ndiyo siri ya vioo vigumu. Tatizo ni kwamba tabaka hilo lililobanana ni jembamba mno, halizidi unene wa unywele. Mkwaruzo wa juujuu unaishia ndani yake na kioo kinaendelea kuwa imara. Mkwaruzo mrefu ulioingia chini ya tabaka hilo ni mwanzo wa ufa unaosubiri siku yake, na siku hiyo hufika saa inapogongwa kwenye kona, kwa sababu konani nguvu yote ya pigo hukusanyika mahali padogo.

Kwa hiyo saa ina maadui wawili wanaoshirikiana: mchanga unaochora na kona inayopasua. Protekta, ile karatasi au kioo chembamba cha kubandika, kazi yake ni mchanga. Kava linalozunguka ukingo wa saa, kazi yake ni kona. Dukani ahadi hizi huchanganywa. Muuzaji anakwambia protekta hii "haipasuki hata ukiigonga kwa nyundo", maneno yasiyohusiana na unachokihitaji, na kava anakuuzia kwa ajili ya rangi.

Nitatumia saa moja kama mfano, kwa sababu ipo mikononi mwa watu wengi na bado inauzwa sana kama mtumba: Apple Watch SE ya kwanza, iliyotoka 2020, ya ukubwa wa milimita 44. Bodi yake ni ya alumini na kioo chake ni cha namna hiyo niliyoieleza, kilichoogeshwa kwenye chumvi. Saa za Apple za chuma cha pua na za titani, pamoja na Samsung za mfululizo wa Galaxy Watch kuanzia ya 5, zina kioo cha yakuti ya kiwandani, ambayo ugumu wake ni 9. Hizo mchanga hauzichori. Mwenye saa ya yakuti hahitaji protekta ya kuzuia mikwaruzo, ila kava linamfaa kama linavyomfaa mwingine, maana yakuti ni ngumu lakini haina uvumilivu wa mapigo.

Na ile "9H" inayoandikwa kwenye pakiti za protekta za kioo? Watu huichukulia kuwa ni 9 ileile ya yakuti. Sivyo. H hapo ni ya penseli. Ni kipimo cha viwanda vya rangi: penseli ngumu kabisa, inayoitwa 9H, imeshindwa kuchora uso huo. Mchanga ni mgumu kuliko penseli yoyote, kwa hiyo protekta ya 9H bado itakwaruzwa na mchanga. Na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa imewekwa pale ili ikwaruzwe yenyewe.

Protekta ipi

SE ina kioo kilichopinda kidogo pembeni, na upindo huo ndio unaoamua nini kitashika. Kipande cha kioo bapa hakiwezi kulala juu ya upindo. Kikibandikwa katikati, kingo zake zinaning'inia, vumbi linaingia chini na baada ya wiki chache kinabanduka. Ndiyo maana wauzaji wana aina ya pili, iliyopindwa kiwandani na yenye fremu nyeusi pembeni. Inapendeza, inafunika hadi ukingoni, lakini gundi yake mara nyingi iko kwenye fremu tu. Katikati kuna nafasi ya hewa. Skrini ya kugusa hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa kidole, na kila unapokiweka kidole mbali zaidi nayo, ndivyo inavyokisikia kwa shida. Utaona unagusa mara mbili ndipo inakuelewa, na ukinawa mikono, maji yanayopenya katikati yanaacha duara lisilotoka mpaka uibandue.

Kuna aina ya tatu inayobandikwa kwa gundi ya maji na kukaushwa kwa taa ya zambarau. Inashika vizuri kuliko zote na picha inabaki safi. Kwenye simu naikubali. Kwenye saa naiogopa, kwa kuwa gundi hiyo ni maji hasa kabla haijapigwa taa, na milimita chache kutoka ukingo wa kioo kuna tundu za spika upande mmoja, na upande wa pili kuna kitufe cha kuzungusha na tundu ya maikrofoni. Tone likizidi, linaingia humo na kukauka humo.

Inayobaki ni filamu laini ya plastiki, ile inayoandikwa TPU kwenye pakiti, inayobandikwa kwa maji. Bei yake ni ndogo, inafuata upindo wa kioo, inashika uso mzima bila nafasi ya hewa, na mikwaruzo midogo inajifunga yenyewe baada ya muda kwa sababu plastiki hiyo hunyumbuka. Haina mng'ao wa kioo; ukiitazama kwa pembeni utaona uso kama ganda la chungwa. Ukikubali hilo, ndiyo inayofaa kwa saa hii.

Angalia ukubwa kabla hujalipa. Milimita za saa ya Apple ni urefu wa bodi, si wa kioo, na zimeandikwa kwa maandishi madogo mgongoni mwa saa. Protekta ya milimita 44 inaingia kwenye SE zote za ukubwa huo na kwenye Series 4, 5 na 6 za milimita 44. Haiingii kwenye 45 ya Series 7, 8 na 9, ingawa tofauti inaonekana ni milimita moja tu. Mtego mbaya zaidi uko kwenye 42: Series 1 hadi 3 zilikuwa na 42, na Series 10 nayo ina 42, lakini ni maumbo mawili tofauti kabisa. Kwa saa za duara mtego uko kwingine. Galaxy Watch4 inayoitwa ya 44 ina skrini ya milimita 34.6 kwa upana, kwa hiyo anayenunua protekta ya duara ya milimita 44 amenunua kifuniko cha kikombe. Pima kioo chenyewe kwa rula.

Kuibandika

Anza na kava, hata kama halitavaliwa leo. Livishe saa kavu, weka filamu juu bila kuibandua karatasi yake, uone kama kingo za filamu zinagusana na mdomo wa kava. Zikigusana, kava litainyanyua filamu kidogo kidogo hadi itoke. Filamu inayofaa inaacha ukingo mwembamba wazi pande zote. Wengi hugundua jambo hili siku ya pili, wakati filamu imeshajikunja kona.

Kisha zima feni. Feni ya dari ndiyo inayotia vumbi chini ya protekta nyingi zaidi, na hakuna maelezo ya pakiti yanayoitaja. Chumba kizuri ni bafu lililotoka kuogewa, kwa kuwa unyevu huangusha vumbi sakafuni. Zima saa, toa mikanda yake kwa kubonyeza vitufe viwili vya mgongoni na kuitelezesha pembeni, nawa mikono. Futa kioo kwa kitambaa cha spiriti kilichomo kwenye pakiti ili mafuta ya ngozi yatoke, kausha kwa kitambaa cha miwani, halafu washa tochi ya simu na uielekeze kwa upande, karibu sawasawa na uso wa kioo. Vumbi ambalo hukuliona litaonekana. Litoe kwa stika ya vumbi au kipande cha seloteipu: bandika, nyanyua, usisugue.

Maji ya kubandikia huja kwenye chupa ndogo. Kama chupa haipo, maji safi yaliyochemshwa na kupoa, robo glasi, na tone moja au mawili ya shampuu ya mtoto yanatosha. Sabuni inafanya filamu iteleze badala ya kushika papo hapo. Nyunyizia vidole vyako na upande wa gundi wa filamu. Usinyunyizie saa. Saa hii imepimwa kustahimili maji ya kuogelea, lakini sabuni ni jambo lingine: huwa inapita mahali maji matupu yasipopita, na hudhoofisha mpira na gundi vinavyozuia maji.

Laza filamu, isogeze polepole mpaka nafasi iliyoachwa iwe sawa pande nne. Usiwe na haraka hapa. Ikiwa na maji chini yake unaweza kuinyanyua na kuirudisha mara nyingi upendavyo. Ukiridhika, shika kipande cha plastiki kilichokuja nayo, au kadi iliyofungwa kitambaa, sukuma maji kutoka katikati kwenda nje, na kila yanapotoka yafute. Kona zitanyanyuka. Zitanyanyuka tu, na kuzibana kwa nguvu wakati huo kunaivuta filamu na kuifanya indefu kuliko kioo. Ziache kama dakika 15 gundi ianze kukauka, kisha zibonyeze kwa kidole na uzishikilie mpaka zipate joto la mwili.

Iache saa ilale usiku mzima bila kuvaliwa. Asubuhi filamu itakuwa na ukungu na viputo vidogo, na wengi hapo huamua wamenunua bandia wakaibandua. Ukungu ni maji yanayotoka taratibu kupitia plastiki. Baada ya siku 2 au 3 unakwisha. Kiputo kisichokwisha ni kile chenye nukta katikati yake. Hicho si hewa, ni chembe ya vumbi iliyonyanyua filamu kama nguzo ya hema, na haitaondoka kwa kusukumwa. Nyanyua kona ya karibu kwa seloteipu, ingiza kipande kingine cha seloteipu kilichogeuzwa, igusishe chembe, itoe, rudisha kona.

Kava

Kipimo cha kava ni mdomo wake, yaani ile kingo inayopanda juu ya kioo. Weka rula juu ya kava kutoka ukingo hadi ukingo. Kati ya rula na kioo kadi ya benki inapaswa kupita bila kusukumwa. Unene wa kadi ni kama robo tatu ya milimita, na kwangu huo ndio mwisho wa chini. Kava lenye mdomo uliolingana na kioo ni pambo. Saa ikiangukia uso wake kwenye vigae vya bafuni, kioo kitafika sakafuni pamoja na kava.

Makava yanayokuja na kioo chake juu, yanayofunika saa yote kama chupa, sina mapenzi nayo. Kati ya vioo viwili kunabaki hewa, na kwenye hewa hiyo huingia jasho na maji ya udhu. Maji yakishaingia hayatoki, skrini inaanza kujigusa yenyewe, kurasa zinapinduka bila mkono, na usiku saa inawaka peke yake kila baada ya dakika chache. Mwenye saa anaona skrini imekufa anaipeleka kwa fundi. Fundi mwaminifu anavua kava, anafuta, anamrudishia.

Kava la plastiki laini, lililo wazi juu, linatosha. Lijaribu kwa mambo manne kabla hujaondoka dukani. Kitufe cha kuzungusha kizunguke bila kukwama. Kitufe cha pembeni kisiwe kimebanwa, kwa kuwa kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa saa huanza utaratibu wa kupiga simu ya dharura, na kava linalobana linaweza kukishikilia wewe umelala. Chaja ishike mgongoni bila kucheza. Na mgongo wa saa uguse ngozi, maana kava lililopita chini ya mgongo linainyanyua saa na taa za kupima mapigo ya moyo zinaanza kupima hewa.

Mara moja kwa wiki livue. Mchanga uliojificha kati ya kava na bodi unasaga rangi ya alumini kila unapotikisa mkono, na watu wengi huvua kava la mwaka mzima wakakuta bodi imechakaa kuliko ambayo haikuvaa kitu.

Kioo kimeshapasuka

Kwanza tazama kama kweli kimepasuka kwa pigo. Kuna saa ambazo skrini inajinyanyua upande mmoja, au inatoa ufa mrefu unaofuata ukingo, na mwenyewe anaapa hakuigonga. Skrini iliyonyanyuka mara nyingi ni betri iliyovimba inayoisukuma kutoka chini. Usiirudishe kwa kuibonyeza na usiichaji tena. Ipeleke kwa fundi kama kazi ya betri, si ya kioo. Kuhusu ufa wa ukingoni, Apple yenyewe ilikiri mwaka 2019 kwamba Series 2 na Series 3 za alumini zingeweza kupata ufa unaoanzia upande mmoja na kuzunguka ukingo mviringo wa skrini, ikazibadilishia skrini bure chini ya mpango maalumu.

Kama ni pigo, inabidi kujua kilichovunjika ni tabaka gani. Tunachokiona kama kioo kimoja ni vitu vitatu vilivyogandishwa pamoja: kioo cha juu, tachi inayohisi kidole, na skrini ya OLED inayotoa picha. Vikiwa vimepasuka vyote, hakuna cha kujadili ila bei ya skrini nzima. Vikiwa vimepasuka nusu, una nafasi.

Kipime hivi. Weka uso wa saa mweupe kabisa, au fungua picha yenye rangi moja nyepesi, uangalie kama kuna doa jeusi, mstari wa rangi au kivuli kinachokua. Doa jeusi ni OLED iliyokufa, na doa hilo huongezeka kila wiki kwa sababu hewa na unyevu vimeingia. Halafu pima tachi: fungua orodha ndefu, ivute juu na chini ukipitisha kidole ukingo wa kushoto, katikati, kisha kulia, halafu bonyeza namba zote za nywila moja moja. Mahali inapoganda au kuruka, tachi imekatika. Picha ikiwa safi na tachi nzima, umepasua kioo cha juu tu.

Kioo cha juu peke yake kinabadilishika, na kwenye mitaa kama Aggrey pale Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi unaweza kumpata anayefanya kazi hiyo. Uliza anavyoifanya. Saa inafunguliwa kwa joto na ncha ya wembe, betri inakatwa kwanza, skrini inatolewa. Kisha kioo kilichovunjika kinatenganishwa na OLED kwa waya mwembamba kama uzi juu ya sahani ya moto, gundi ya zamani inasafishwa, kioo kipya kinagandishwa kwa karatasi ya gundi angavu na kuwekwa kwenye mashine ya kubana na kutoa hewa. Fundi asiye na mashine hiyo atabandika kioo kwa mkono na viputo utavikuta. Hatari kubwa iko kwenye waya. OLED ya saa ni nyembamba na laini, na ikiguswa isivyo, skrini inawaka na mistari ya kijani au haiwaki kabisa. Kwa hiyo kabla hujaiacha saa, mkubaliane jambo moja: ikifa mikononi mwake, nani analipa? Fundi anayekwambia mapema kuwa hatalipa ni bora kuliko anayesema haiwezi kufa.

Njia ya pili ni kubadilisha skrini nzima. Ni rahisi kwa fundi na hatari ni ndogo, ila bei inapanda, na skrini zenyewe hazilingani. Zilizotolewa kwenye saa nyingine mbovu huwa na rangi nzuri. Za kuigiza mara nyingi ni hafifu juani na tachi yake ni nzito.

Ya tatu ni Apple yenyewe. Haibadilishi kioo cha saa peke yake. Saa isiyo na bima yake ikipasuka, inakutoza ada na kukupa saa nyingine nzima, na ada hiyo kwa saa za zamani inaweza kuzidi bei ya mtumba ya saa ileile. Afrika Mashariki Apple haina duka lake. Wenye ndugu Dubai au Abu Dhabi, ambako ilifungua maduka 2015, huwapa wakawaulizie bei kwanza.

Njia zote za mtaani zina gharama moja isiyotajwa kwenye bei, nayo ni maji. Skrini ya SE inashikwa na gundi maalumu inayozunguka ukingo na kuziba maji. Ikishafunguliwa, gundi hiyo inapaswa kutolewa yote na kuwekwa mpya iliyokatwa kwa umbo la saa hiyo, na baadaye saa kupimwa kwa shinikizo. Mafundi wengi wanaweka gundi mpya, wachache sana wana kifaa cha kupimia. Chukulia kwamba saa iliyofunguliwa haiogi tena. Anayeishi Tanga au Mombasa, jasho na hewa ya chumvi vikiwa vya kila siku, alitie hilo kwenye hesabu.

Hesabu ya saa moja

Tuseme SE ya 44, ya 2020, imepasuka Dar es Salaam. Bei hizi ni za mfano. Weka za kwako. Ikiwa nzima, mtumba wake ni shilingi 230,000. Fundi wa kioo cha juu anataka 70,000, wa skrini nzima 150,000. Ingia kwenye `Settings`, `Battery`, kisha `Battery Health`: betri ina asilimia 78. Apple yenyewe huhesabu betri iliyoshuka chini ya asilimia 80 kuwa ya kubadilishwa, kwa hiyo kuna 50,000 nyingine hata kama leo huilipi.

Ukibadilisha skrini nzima na betri umetumia 200,000, na umepata saa isiyooga ambayo sokoni haifiki hata 180,000, kwa kuwa mnunuzi ataona imefunguliwa. Upande wa pili, saa iliyopasuka yenye tachi nzima ina mnunuzi: mafundi hununua kwa ajili ya vipuri. Akikupa 50,000, ukaongeza 180,000, umepata SE nyingine nzima ambayo haijafunguliwa. Kwa skrini nzima, basi, jibu ni kununua. Kwa kioo cha juu cha 70,000 jibu linageuka, mradi picha ni safi, tachi inaitikia, na betri yako iko juu ya 85. Mimi naweka mpaka kwenye nusu: matengenezo yote pamoja yakipita nusu ya bei ya mtumba wa saa ileile, siitengenezi.

Umri nao una sauti. SE hii ilikomea kwenye watchOS 10. Mfumo wa 2024, watchOS 11, haukuipokea. Bado inahesabu hatua na kupokea ujumbe, lakini ni vigumu kutetea 200,000 kwa saa iliyokwisha kuachwa njiani. Pesa hiyohiyo kwenye Series 9 yenye ufa ni matumizi ya busara kabisa, kwa kuwa saa nzima bado ina bei kubwa na miaka mbele yake. Kwa saa za bei ya chini zinazouzwa bila jina linaloeleweka, hakuna hesabu: kioo chake hakiuzwi popote, na kikiuzwa kinakaribia bei ya saa. Hizo zivishe filamu na uzitumie mpaka zichoke.

Ukiamua kununua mtumba, usilipe kabla saa haijaunganishwa na simu yako mwenyewe hapo hapo kwa muuzaji, mpaka mwisho wa hatua zote. Ikitokea skrini ya `Activation Lock` inayotaka akaunti ya mtu mwingine, irudishe mezani. Hakuna fundi atakayeifungua, na saa hiyo yaelekea ina mwenyewe anayeitafuta. Angalia pia ukingo wa skrini kwa tochi: mabaki ya gundi au pengo lisilo sawa ni dalili kwamba imeshafunguliwa, na bei yake iwe ya saa isiyooga.

Na kama pesa haipo mwezi huu, saa yenye ufa na tachi nzima inavalika. Bandika filamu juu ya ufa, kavu, bila maji ya kubandikia kwa kuwa yatapenya ndani. Filamu itashika vipande visichane ngozi na itachelewesha ufa kutambaa. Ivue wakati wa udhu, wa kuosha vyombo na wa mvua, na ukiona doa jeusi limeanza konani, iuze kwa fundi wiki hiyohiyo, kabla doa halijafika katikati na bei ya vipuri haijaanguka nalo.